Hesabu siku za banda kabla hujaweka oda ya vifaranga

Juzi kijana mmoja wa hapa Pasiansi alinipigia simu saa mbili usiku. "Shikamoo bwana shamba. Vifaranga wamefika na sakafu bado mbichi." Alikuwa na vifaranga 500 vya broila kwenye maboksi, sebuleni kwa mama yake. Nilimwambia awatoe kwenye maboksi haraka, awashe jiko la mkaa na aache dirisha wazi kidogo. Lakini sebule si banda. Hadi wiki inaisha alikuwa ameshazika zaidi ya mia.

Watu wamemlaumu fundi, wengine wakamlaumu aliyeuza vifaranga. Mimi nasema kosa lilikuwa kwenye daftari. Huyu kijana si mvivu, na hesabu alipiga, ila alihesabu kitu ambacho sicho. Naona vijana wengi mnafanya hivyo hivyo, kwa hiyo leo tupige hesabu yake upya.

Fundi alimwambia: msingi kuchimba siku 3, kujenga msingi wa mawe siku 3, kuta fupi na nguzo siku 4, kuezeka siku 3, sakafu ya zege siku 2. Jumla 15. Kijana akaongeza siku 2 za kuosha banda na kupiga dawa, siku 1 ya maranda na vyombo, na siku 1 ya kupasha banda moto. Ikawa 19, akaweka oda vifaranga waje siku ya 20.

Fundi hakudanganya. Alitaja siku ambazo yeye na vibarua wake wanashika koleo. Kuna kazi ambazo hakuna mtu anayeshika koleo, na hizo ndizo zilizomponza kijana.

Ya kwanza ni tofali. Zilifyatuliwa hapo hapo uwanjani, siku 2. Tofali ya saruji huwezi kuifyatua leo ukaijengea kesho. Inamwagiliwa maji na kuachwa ishike, na mimi sikubali chini ya siku 7. Ya pili ni sakafu, nayo inataka siku 7 za kumwagilia kabla hujaanza kusugua na kupiga dawa.

Hapa kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Saruji haiendi kanisani. Fundi anafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, lakini saruji inashika hata Jumapili (na lazima mtu aimwagilie hiyo Jumapili). Ukichukua siku 7 zozote zinazofuatana, ndani yake kuna Jumapili moja tu. Kwa hiyo siku 7 za saruji ni siku 6 za kazi. Ikiangukia humo na sikukuu, tuseme Nanenane, zinabaki siku 5 za kazi, kwa sababu fundi kapumzika na saruji haikupumzika. Usichanganye aina hizi mbili za siku kwenye daftari moja bila kuzibadilisha kwanza.

Sasa chukua karatasi. Kila kazi iandikie swali moja: haiwezi kuanza mpaka nini kiishe? Kuta zinasubiri vitu viwili, msingi na tofali. Msingi unaisha siku ya 6. Tofali ni 2 kujumlisha 6, zinakuwa tayari mwisho wa siku ya 8. Kuta zitaanza lini? Zinamfuata aliyechelewa, yaani siku ya 9. Kanuni yote ni hiyo: kazi inayosubiri wawili inaanza baada ya yule wa mwisho kumaliza. Hujumlishi 6 na 8, maana zinakwenda pamoja.

Tuendelee. Kuta siku 4, tunafika 12. Paa siku 3, tunafika 15. Sakafu siku 2, tunafika 17. Kushika kwa sakafu siku 6, tunafika 23. Wakati huo huo, paa likishaisha, fundi umeme ana siku 2 na anayefunga wavu na mapazia ana siku 2. Wote wanamaliza siku ya 17, na wana siku 6 za kuchelewa bila kumsumbua mtu. Dawa inasubiri sakafu, wavu na umeme, kwa hiyo inaanza siku ya 24 na kuisha 25. Maranda na vyombo 26. Kupasha moto 27. Vifaranga waingie siku ya 28. Ukianza Jumatatu, hiyo ni Alhamisi ya wiki ya tano.

Ukijumlisha kazi zote kama orodha ya dukani unapata 37, na banda linakaa tupu siku 10 bure. Ukihesabu jasho la fundi tu unapata 19. Jibu ni 27, urefu wa mnyororo mrefu kuliko yote. Hesabu hii ilibuniwa Marekani mwaka 1957 kwenye kampuni ya DuPont, kwa ajili ya viwanda. Kwenye banda la kuku inafanya kazi vile vile.

Faida yake utaiona unapotaka kuharakisha. Kijana mwingine aliniambia, "Basi mimi nitaongeza vibarua kwenye msingi." Pesa hiyo imepotea. Msingi una siku 2 za nafasi, ukiuwahisha utakaa unaziangalia tofali. Mwingine atasema, nanunua tofali zilizokwisha kukomaa, naokoa siku 8. Hapana, unaokoa 2. Tofali zikitoka kwenye njia, msingi wa siku 6 ndio unashika usukani, na jumla inakuwa 25. Kabla hujalipa, piga hesabu upya uone mnyororo umehamia wapi.

Kuna mtego mmoja ambao karatasi haiuonyeshi usipouandika. Nimesema tofali na msingi vinakwenda pamoja. Je, kama vibarua ni wale wale wawili? Watafyatua siku 2 kwanza, ndipo waanze msingi, nao utaisha siku ya 8 badala ya 6. Jumla bado ni 27, lakini ile nafasi ya siku 2 imekufa. Mkigonga jiwe kubwa chini, na Pasiansi mawe mnayajua, kila siku inayopotea inasogeza tarehe ya mwisho.

Turudi kwenye oda. Yai linakaa siku 21 kwenye mashine, na kifaranga akishatotolewa habaki kukusubiri. Kiini cha yai alichobaki nacho tumboni kinamshikilia siku mbili tatu tu. Kwa hiyo tarehe ya vifaranga haisogei, banda ndilo linalosogea. Huyu kijana alitakiwa kuweka oda wiki mbili kabla. Wiki mbili ni siku 12 za kazi. Angalia ile njia: paa likiisha siku ya 15, kazi iliyobaki ni 12 kamili. Oda yake ilipaswa kwenda asubuhi inayofuata, Alhamisi ya wiki ya tatu, vifaranga waje Alhamisi ya wiki ya tano. Kabla ya hapo mvua au jiwe vinaweza kukuharibia mpango. Paa likishasimama, mvua haina tena nguvu kubwa juu yako.

Kwenye masika mimi mwenyewe ningeongeza siku 2 baada ya sakafu na kuweka oda asubuhi inayofuata baada ya kumaliza zege, siyo paa. Huyu wa sebuleni anajenga banda la pili mwezi ujao. Nimemwomba aniletee karatasi kabla ya kupiga simu kwa wakala.