Kumjibu Mteja Aliyecheleweshewa Nyavu

Uvuvi katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Basi mama mvuvi wa Mwansabombwe aliyeahidiwa nyavu kumi kutoka Mansa tarehe 20 Februari ana haki ya kulalamika iwapo tarehe 23 hajaziona. Nyavu mpya hazishushwi majini kama zitokavyo dukani. Hufungwa kwanza kamba ya juu yenye maboya na ya chini yenye vizito, na kazi hiyo hula siku.

Mwenye duka akimwandikia kwamba nyavu “zitafika karibuni”, hajamjibu neno. Kabla ya kushika kalamu, na aulize mzigo uko wapi na uko mikononi mwa nani. Kisha aandike hivi:

“Mama, nyavu zako zilipaswa kufika tarehe 20, nazo hazikufika. Lori liliharibika Mwense. Mzigo u salama. Kwa kuwa tumekupotezea siku za kufunga kamba, mafundi wetu wanazifunga huko huko kwa gharama yetu. Utazipokea sokoni Mwansabombwe Jumatano, tarehe 26, saa nne asubuhi. Zisipofika saa hiyo, karani wetu atakuwapo hapo na fedha zako zote.”

Mafundi wenyewe walisema watamaliza Jumanne jioni. Mwenye duka ameandika Jumatano asubuhi kwa makusudi: usiku huo mmoja ni akiba ya pancha na mvua ya Februari.