Damu ya mama mzazi haipaswi kurudi nyuma



Jumamosi iliyopita, baada ya kikundi chetu cha akiba kufunga kikao, mama mmoja kijana alinivuta pembeni. Alikuwa na mtoto wa siku sita mgongoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mwalimu, damu hii itaisha lini? Na nitajuaje kama ni ya kawaida?» Nilimjibu nilichojua, lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba ulizo lake ni la wengi wetu. Tunaona haya kuliuliza, kwa hiyo kila mmoja anabaki na damu yake peke yake.

Tuanze na mahali damu hiyo inapotokea. Mtoto akiwa tumboni, kondo la nyuma limeshikamana na ukuta wa tumbo la uzazi. Likitoka, linaacha kidonda kikubwa kama kiganja cha mkono. Kinachofunga kidonda hicho ni tumbo lenyewe: linajikaza na kubana mishipa ya damu. Ndiyo maana mkunga, mara tu kondo likitoka, anashika tumbo la mama kuona kama limekuwa gumu kama mpira. Siku zinazofuata linaendelea kupungua, na baada ya wiki mbili hivi huwezi tena kulishika kwa mkono juu ya mfupa wa kinena.

Sasa, jinsi kidonda kinavyopona, damu nayo inabadilika. Siku tatu au ine za kwanza ni nyekundu na nyingi kuliko ya mwezi. Vibonge vidogo vinaweza kutoka. Ukilala muda mrefu kisha ukasimama, inaweza kushuka kwa mara moja, kwa sababu ilikuwa imekusanyika. Ikishuka hivyo na kupungua mara moja, si ugonjwa. Mtoto akinyonya unaweza kuhisi tumbo linakaza na damu kutoka kidogo. Hiyo ni kazi nzuri, tumbo linajifunga.

Kuanzia siku ya ine au ya tano rangi inapauka. Inakuwa kama maji uliyoosheamo nyama, kisha ya kahawia. Kiasi kinapungua. Kufikia siku ya kumi hivi, wengi wanaona ute mweupe au wa manjano kidogo, ambao unaweza kuendelea mpaka wiki ya ine, ya tano au ya sita. Harufu yake ni kama ya damu ya mwezi, si zaidi. Mama aliyepasuliwa anaweza kupata damu kidogo kuliko wengine, lakini nayo inafuata njia hiyohiyo.

Kwa hiyo neno moja la kushika ni hili: damu inatembea kuelekea mbele. Kutoka nyingi kwenda kidogo, kutoka nyekundu kwenda nyeupe. Ikirudi nyuma, kuna sababu, na inabidi itafutwe.

Niwaelezee jambo la wifi yangu, kwa ruhusa yake. Alizaa mtoto wa tatu hapa kwetu Bukavu, siku ya Jumatatu, bila shida. Mimi kama mwalimu nilimpa kaye ya hesabu na kumwambia aandike kila siku vitambaa alivyobadilisha na rangi aliyoiona. Alicheka, lakini aliandika. Siku ya kwanza vitambaa saba. Siku ya tatu, vitano. Siku ya tano, vitatu, na rangi imepauka. Siku ya nane, viwili vyenye madoa ya kahawia tu.

Siku ya tisa alipanda mulima na bidoni ya maji, na damu nyekundu ikarudi. Alilala, akamnyonyesha mtoto, na kabla saa moja kuisha ilikuwa imekwisha. Baadaye mkunga alimwambia kwamba hiyo inatokea kwa wengi kati ya siku ya saba na ya kumi na ine, kwa sababu gamba la kidonda kile linabanduka. Lakini lazima iwe kidogo, na ikome ndani ya saa moja au mbili ukipumzika. Tena ni alama kwamba kazi nzito umeianza mapema.

Siku ya kumi na moja ilikuwa tofauti. Asubuhi damu nyekundu ilirudi bila yeye kubeba kitu. Saa ine kitambaa kimoja kililowa chote. Kabla ya saa tano cha pili kilikuwa kimelowa, na ndani yake kulikuwa na bonge kubwa kama yai la kuku. Alipomwonyesha mamamkwe, mama huyo, ambaye alimzaa bwana wake na wengine saba, alisema: «Acha itoke, binti yangu, ni uchafu. Ukiuzuia, utabaki tumboni.» Akaweka maji motoni kwa ajili ya kumkanda.

Mamamkwe hakuwa na nia mbaya. Wengi wetu tumelelewa na neno hilo la damu chafu. Lakini kaye ilikuwa pale mezani. Tulifungua pamoja, tukaonyesha: saba, vitano, vitatu, viwili, na sasa viwili kwa saa mbili. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi itwe motari.» Lakini wifi yangu aliposimama, kichwa kilizunguka na jasho baridi likamtoka. Mtu anayeweza kuzimia hapandishwi kwenye moto. Tukatafuta taksi, akalazwa kwenye kiti cha nyuma, mtoto akiwa kwenye titi lake njia nzima.

Hospitalini walimpima presha, wakamtia maji kwenye mshipa, wakapiga ekografi. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki ndani. Kipande kama hicho kinazuia tumbo lisijikaze sawasawa, na kidonda kinafunguka tena. Walimpa dawa ya kukaza tumbo, wakatoa kipande hicho, wakampa dawa ya kuzuia maambukizo. Alirudi nyumbani siku ya tatu, na vidonge vya kuongeza damu. Kama tungemkanda na kungoja jioni, sijui ningeandika nini leo.

Toka hapo mimi nasema alama ni hizi. Kitambaa au kotekisi ikilowa yote ndani ya saa moja, usingoje cha pili, anza safari. Bonge likiwa kubwa kama yai au zaidi, nenda. Damu iliyokuwa imepauka ikirudi kuwa nyekundu na nyingi, na haikomi kwa kupumzika, nenda. Na ukiona kizunguzungu, moyo unakimbia, midomo imepauka, au jasho baridi, hiyo ni hatari hata kama kitambaa hakijajaa, maana damu nyingine inaweza kukusanyika ndani. Siku ya kwanza baada ya kuzaa ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote: damu ikitoka kwa nguvu, mama anaweza kufa ndani ya masaa mawili. Usiku si sababu ya kungoja.

Kuhusu vitambaa, tujihadhari na jambo moja. Kikwembe kilichokunjwa mara ine kinameza damu nyingi kabla hujaona kimelowa, na kikwembe chenye rangi nyeusi kinaficha rangi. Tumia kitambaa chepesi, cheupe au chenye rangi ya kupauka, kilichofuliwa na kuanikwa juani, na ubadilishe mara nyingi. Ukienda kwa daktari, weka vitambaa na bonge ndani ya mfuko, umwonyeshe. Ataelewa haraka kuliko maneno.

Sasa harufu. Harufu mbaya, kama nyama iliyooza, si ya damu ya mama mzazi, hata kama damu yenyewe ni kidogo. Ni alama kwamba maambukizo yameingia katika tumbo la uzazi. Mara nyingi inakuja pamoja na maumivu chini ya kitovu, homa na kutetemeka, au ute wa rangi ya usaha. Hapa kwetu mama mzazi akitetemeka, tunakimbilia kununua dawa ya malaria. Inaweza kuwa malaria kweli, lakini kwa mama aliyezaa kabla ya wiki sita homa ya nyuzi 38 au zaidi ipimwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, na umwambie anfirmiye kwamba umezaa na siku ngapi zimepita. Maambukizo hayo yanaweza kuingia katika damu yote haraka. Vilevile, damu ikikatika ghafla siku za mwanzo, na tumbo linauma na homa inapanda, usifurahi kwamba imeisha mapema. Inawezekana imefungwa ndani.

Wakati mnangoja gari, yako mambo machache ya kufanya. Mama aende haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa kinazuia tumbo kujikaza. Mtoto awekwe kwenye titi. Kama ni siku za kwanza, mtu asugue tumbo chini ya kitovu kwa kiganja, akizungusha, mpaka lijikaze. Mama alazwe, afunikwe asisikie baridi. Asiingizwe kitu chochote ndani, si majani, si kitambaa cha kuziba damu, na asikalishwe juu ya maji ya moto. Kuziba hakuzuii damu, kunaificha tu, na vitu hivyo vinapeleka uchafu kwenye kidonda kilicho wazi.

Yule mama kijana wa Jumamosi nilimuuliza vitambaa vyake. Jana vilikuwa vine, leo vitatu, na rangi ya kahawia. Harufu, hapana. Homa, hapana. Nikamwambia: «Unatembea vizuri, dada. Endelea kuhesabu.» Nikamkumbusha pia kwamba wiki inayofuata arudi materniti kupimwa, hata akijisikia mzima, maana kati ya siku ya saba na ya kumi na ine ndipo kipande kilichobaki mara nyingi kinajionyesha.

Nyinyi mlio na binti, mkaza mwana au jirani aliyezaa mwezi huu, mpelekeeni kaye na kalamu pamoja na uji. Na mkifika kumsalimu, msiulize tu kama mtoto ananyonya. Muulize mama: leo vitambaa vingapi?