Maziwa ya soya: hofu ya wanaume na swali la chumvi



Ndugu msomaji, soya imekwishaingia majumbani mwetu hapa Rungwe. Wapo wanaoichanganya katika unga wa uji, wapo wanaoikaanga na kuisaga wakainywa badala ya kahawa, na wapo wanaokamua maziwa yake kwa kuwa maziwa ya ng'ombe huwasokota tumbo. Pamoja nayo umeingia uvumi wa namna mbili. Wa kwanza unasema kwamba soya humpunguzia mwanamume nguvu za kiume, kwa kuwa ndani yake mna homoni ya kike. Wa pili unasema kwamba huharibu tezi ya shingo. Habari hizi hazina uzito sawa, na ni wajibu wetu kuzipambanua kabla ya kuzipeleka kwa jirani.

Tuanze na hofu ya wanaume. Ni kweli kwamba soya ina viini viitwavyo isoflavoni, ambavyo umbo lake linafanana na estrojeni, homoni ambayo mwanamke anayo kwa wingi na mwanamume kwa uchache. Hofu yenyewe ina asili yake. Katika miaka ya 1940, wafugaji wa Australia Magharibi waliona kondoo majike wao wakishindwa kushika mimba baada ya kulishwa kwa wingi aina ya majani yaitwayo klova. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba majani yale yana viini vya jamii hiyo hiyo. Lakini kondoo yule alikuwa akila klova kutwa nzima, siku baada ya siku, na tumbo lake huvigeuza viini hivyo kwa namna isiyo ya tumbo la binadamu.

Mfano wa ufunguo na kitasa utatufaa hapa. Estrojeni ya mwili ni ufunguo halisi, unaoingia na kuzungusha kitasa. Isoflavoni ni ufunguo uliochongwa vibaya: huingia, lakini huzungusha kidogo sana. Ndiyo maana kipimo ni jambo la msingi. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 60 aliyevimba matiti na kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa. Walipomhoji sana, wakagundua kwamba alikuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kila siku, yaani vikombe visivyopungua 11. Alipoacha, homoni zake zilirudi mahali pake na maumivu ya matiti yakaondoka. Kisa hiki ni cha kweli, na ndicho kinachozungushwa midomoni, isipokuwa zile lita 3 husahaulika njiani.

Kwa anayekunywa kikombe kimoja au viwili, ushahidi ni mwingine. Mwaka 2021 watafiti walikusanya pamoja tafiti 41 zilizowapa wanaume soya au isoflavoni na kuwapima damu. Hawakuona testosteroni, ambayo ndiyo homoni ya kiume, ikishuka, wala estrojeni ikipanda. Basi mume asiyeona mabadiliko yoyote hana sababu ya kukikimbia kikombe chake. Na aliyepungukiwa nguvu aende kupimwa sukari na shinikizo la damu, ambayo ni miongoni mwa sababu za kawaida za tatizo hilo, asije akailaumu soya huku ugonjwa unaendelea kumla.

Sasa tuje kwenye tezi, na hapa sisi watu wa milimani tunapaswa kutulia na kusikiliza. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutengeneza homoni yake kwa kutumia madini joto. Madini hayo yamo kwa wingi baharini, lakini katika miteremko ya milima yenye mvua nyingi kama yetu maji huyasomba kutoka kwenye udongo, na mazao yanayoota hapo huyakosa. Tezi ikikosa madini joto huvimba, na uvimbe huo ndio rovu, au goita. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizosumbuliwa sana na maradhi haya, hata katika miaka ya 1980 serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa sheria ya kuyatia madini hayo katika chumvi.

Soya inahusikaje? Isoflavoni huweza kuizuia kidogo ile kazi ya tezi ya kuyafunga madini joto. Madini yakiwepo ya kutosha, tezi ya mtu mzima mwenye afya hulimudu jambo hilo bila shida. Yakiwa haba, kizuizi kidogo huwa kikubwa. Jambo hili lilionekana wazi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, pale watoto wachanga waliolishwa maziwa ya unga wa soya yasiyotiwa madini joto walipoota goita. Watengenezaji walipoyaongeza madini hayo, tatizo likatoweka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ya Rungwe inayokunywa soya ni hili: je, chumvi ya nyumbani ina madini joto? Nunua ile iliyofungwa katika pakiti yenye maandishi ya kuthibitisha hivyo, si ya mawe inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi. Unyevu wa mvua zetu na mvuke wa jikoni huyapoteza madini hayo, basi ihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na mafiga, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Kiasi cha chumvi kisiongezwe. Kinachotakiwa ni ubora wake.

Swali la pili linamhusu anayemeza vidonge vya thairoksini, yaani vya kuisaidia tezi iliyolegea. Soya haimharibii dawa, ila huizuia isinyonywe vyema tumboni. Tuchukue mfano wa mama anayemeza kidonge pamoja na uji wa soya kila asubuhi, kisha akashangaa kuwa bado anachoka, anasikia baridi kuliko wenziwe na anafunga choo. Ameze kidonge kwa maji matupu baada ya Swala ya Alfajiri, afungue kinywa kwa chakula kisicho na soya baada ya saa moja, na soya aisogeze hadi mchana. Katika Ramadhani anaweza kumeza usiku, saa 3 au 4 baada ya futari, bila kula tena kabla ya kulala. Na katika daku asitie soya. Atakapobadili nyakati hizi amwarifu daktari wake, kwani huenda damu ikahitaji kupimwa upya na kipimo cha dawa kurekebishwa.

Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe maziwa ya soya ya kukamuliwa nyumbani badala ya ya mama yake, kwa kuwa hayana virutubisho vyote anavyohitaji.

Mwenye uvimbe shingoni, anywe soya au asinywe, aende hospitali akapimwe. Uvimbe huo una sababu nyingi, na kuacha soya pekee hakutamwambia ni ipi iliyo yake.

Wabillahi tawfiq.