Aliyelia na asiyelia

Juma hili nataka kuwaambia juu ya dada wawili wa mtaa wetu huku Kadutu. Walifiwa na mama yao siku moja, wakalala matanga katika nyumba moja. Wamenipa ruhusa, na majina yao siyataji.

Mkubwa anauza sambaza sokoni. Mdogo anasuka nywele, na wakati ule alikuwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Katika kilio mkubwa alilia hata akapoteza sauti. Mdogo hakulia. Alikaa pembeni amefunga kikwembe vizuri, akijibu pole za watu kwa sauti ndogo. Sisi wote tulimsifu: huyu amejikaza. Tukamhurumia mkubwa, tukaweka zamu ya kumpelekea bugali.

Juma la tano mtoto wa mdogo ambaye ni mwanafunzi wangu akaanza kuja darasani bila kuoga. Nikamuuliza mama yake anafanya nini asubuhi. Akasema, “Anaangalia ukuta.” Jioni ile nikaenda kumwona mama muuguzi anayefundisha kikundi chetu mambo ya afya ya akili, na alichonieleza ndicho ninachowaandikia.

Ugonjwa tunaouita depresyo, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita sonona, una dalili tisa zilizoandikwa katika kitabu cha waganga kiitwacho DSM. Mbili ni za kwanza: huzuni karibu kutwa nzima, au kutopendezwa tena na kitu chochote. Nyingine saba ni hizi: hamu ya chakula au uzito kubadilika, usingizi kuharibika, mwili kuwa mzito au kutotulia hata wengine wakaona, uchovu, kujiona hufai kitu au kujilaumu kupita kiasi, akili kushindwa kukaza au kuamua, na mawazo ya kifo. Muganga anatafuta tano au zaidi, karibu kila siku, kwa majuma 2 yale yale, na mojawapo lazima iwe moja ya zile mbili za kwanza. Tena ziwe zimeharibu kazi au maisha ya nyumbani.

Nikahesabu kwa vidole. Mdogo alipita tano. Lakini hata mkubwa, katika majuma mawili ya kwanza, alikuwa na huzuni, hakulala, hakula, alichoka, na alisema anatamani kumfuata mama yake. Hizo pia ni tano! Je, wote wawili ni wagonjwa?

Hapo ndipo kuhesabu peke yake kunapokwama, na waganga wenyewe walibishana sana juu yake. Zamani kitabu kile kilisema: mtu aliyefiwa, usimwite mgonjwa wa depresyo kabla ya miezi 2 kupita, isipokuwa dalili fulani nzito zikionekana, kama kutaka kujiua. Mwaka 2013 kanuni hiyo iliondolewa. Sababu ni kwamba kufiwa hakumkingi mtu na depresyo. Mara nyingine ndiko kunakoiamsha, na wajane waliokuwa wagonjwa kweli walikuwa wakiambiwa wangoje. Mahali pa kanuni ile muganga anaombwa kutumia busara yake, kuangalia namna ya huzuni na siyo wingi wa dalili tu. Jirani zetu ng'ambo ya Ruzizi wanaiita depresyo *agahinda gakabije*, yaani huzuni iliyopita kipimo. Ni jina zuri, ila linaweza kutudanganya kwamba anayelia zaidi ndiye mgonjwa.

Muuguzi aliniambia niangalie kwanza mwendo wake. Huzuni ya kilio inakuja kama mawimbi ya ziwa. Mkubwa akisikia mtu anatwanga sombe, kazi ya mama yake, anavunjika. Baada ya robo saa anakumbuka namna marehemu alivyokuwa akigombana na kuku, anacheka machozi bado yako usoni. Mawimbi yale yanazidi kuachana kadiri majuma yanavyopita. Kwa mdogo hapakuwa na wimbi. Palikuwa na maji ya kijivu yaliyosimama, asubuhi hadi usiku, mama yake akitajwa au asitajwe. Mtoto mchanga alimchekea, yeye akamwangalia tu.

Kisha angalia anajisemaje. Mkubwa alijilaumu, ndiyo: “Ningempeleka hospitali mapema.” Lawama hiyo ina jambo lake, inamhusu marehemu, lakini bado anajijua kuwa ni mama na muuzaji mzuri. Mdogo alisema, “Mimi ni bure. Watoto wangu wangepata mtu mwingine.” Marehemu hayumo kabisa katika maneno hayo.

Mawazo ya kifo nayo yana sura mbili. Mkubwa alitaka kuwa pamoja na mama yake. Mdogo alitaka kutokuwepo, kwa kuwa aliona hastahili kuishi. Hata hivyo wote wawili huulizwa waziwazi: umefikiria kujiua? Umepanga namna gani? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akiwa na mpango, haachwi peke yake hata saa moja, dawa za panya na za shamba zinaondolewa nyumbani, na anapelekwa siku ile ile.

Kuna jambo moja lililotutisha bure. Mkubwa alisikia alfajiri sauti ya mama yake ikimwita. Kwa aliyefiwa hilo hutokea, linapita, na si wazimu. Sauti zinazoamuru au kutukana ni jambo lingine, la muganga.

Tukampeleka mdogo. Sikujua kwamba wangemwuliza mambo mengi vile kabla ya kutaja depresyo. Walipima damu, kwa kuwa upungufu wa damu baada ya kuzaa unachosha mtu vilevile, na tezi ya shingo ikiharibika inaweza kuleta uzito na huzuni. Waliuliza juu ya pombe. Waliuliza kama kuna wakati alikaa siku nyingi bila kulala huku ana nguvu nyingi na maneno mengi, maana huo ni ugonjwa mwingine, na dawa za depresyo zikitolewa peke yake zinaweza kuuchochea. Damu ilikuwa chini kidogo, akapewa vidonge vya chuma. Lakini upungufu wa damu haumfanyi mama aseme watoto wake wangekuwa afadhali bila yeye. Na kwa kuwa alikuwa amezaa karibuni, walimfuatilia kwa makini zaidi. Depresyo inapenda miezi ile.

Waliniambia pia kuna kilio kisichokwisha, ambacho si depresyo. Mtu anamtamani marehemu karibu kila siku, maisha yake yamesimama pale pale, na kwa mtu mzima kitabu kile kinataka angalau mwaka 1 upite kabla ya kukiita ugonjwa. Kwa dada hawa ilikuwa mapema mno kukifikiria.

Huku Bukavu mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha mtaa. Kwa shida nzito kuna SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mafrateri wa Upendo. Mdogo alipewa mazungumzo ya kila juma pamoja na dawa, akaambiwa dawa inangoja majuma kadhaa kabla ya kuonekana. Juma la saba hivi, jioni moja, dada yake alitaja wale kuku wa marehemu. Mdogo akaanza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Sisi tulioketi pale tulishtuka. Muuguzi alipoambiwa, alifurahi.