Tahadhari: moduli ya saa ya DS3231 inaweza kupasua betri yake

Onyo hili ni la mafundi na watumiaji wa mitambo midogo ya sola Kashebere, Nyabiondo na vijiji vya jirani: vidhibiti vya taa, pampu au mashine za kutotolea vifaranga vinavyotunza saa bila mtandao. Kama ndani ya kisanduku chako mna kibao kidogo cha buluu chenye maandishi ZS-042, na ndani yake betri ya duara ya CR2032, zima umeme kabla ya kuendelea kusoma.

Kasoro haimo kwenye saa. Chipu ya DS3231 ni nzuri: katika joto la kawaida hukosea kwa takribani dakika 1 tu kwa mwaka. Kasoro ni njia ya kuchaji iliyowekwa kwenye kibao hicho, yaani diodi moja na rezista moja ya omu 200, inayotoka kwenye umeme wa moduli hadi kwenye betri. Njia hiyo ilikusudiwa betri inayochajiwa, LIR2032. CR2032 haichajiwi. Ukiilazimishia umeme hutoa gesi ndani, huvimba, huvuja, na inaweza kupasuka.

Tuchukue mfano wa Arduino Nano inayoilisha moduli volti 5. Diodi hula karibu volti 0.6, kwa hiyo zinabaki 4.4. Betri ina volti 3. Tofauti ya volti 1.4 ikipita kwenye omu 200 inasukuma miliampia 7 ndani ya betri. Kwenye mtambo wa sola wenye betri kubwa, umeme huo hauishi machweo. Unasukuma usiku na mchana, tena ndani ya kisanduku kilichofungwa na kupata joto la jua.

Ukishazima umeme, itazame betri. Ikiwa imetuna, haikai sawa kwenye kishikio, au ina ute pembeni, usiichokonoe kwa bisibisi ya chuma. Ipeleke nje, itoe kwa kijiti kikavu huku umefunika mkono kwa kitambaa, kisha nawa kwa maji mengi. Ikiwa inaonekana nzima, ipime kwa multimita mara tu unapoitoa: CR2032 mpya huwa na volti 3.2 hivi. Ikisoma 3.4 au zaidi, imekuwa ikichajiwa, usiirudishe.

Sasa hakikisha kibao chenyewe. Betri ikiwa nje, washa umeme na upime kwenye vyuma viwili vya kishikio. Ukiona volti 4 na kitu, njia ya kuchaji iko hai. Zima tena, kisha uiondoe kwa pasi ya kulehemu ile rezista ndogo iliyoandikwa 201, iliyo jirani na diodi ya kioo. Usiguse zile zilizoandikwa 472. Hizo ni za mawasiliano. Washa umeme na upime tena: usomaji ushuke chini ya volti 1. Betri haitegemei rezista hiyo kulisha saa, kwa kuwa imeunganishwa moja kwa moja na chipu. CR2032 nzuri itaitunza saa kwa miaka kadhaa bila kuchajiwa.

Usidhani kuweka LIR2032 kunamaliza tatizo. Kikomo chake ni volti 4.2, na njia hii huifikisha 4.4 au zaidi, nayo pia itaharibika. Wenye ESP32 waiunganishe moduli kwenye pini ya 3V3, kamwe si VIN, na bado waondoe rezista, kwa sababu siku moja mtu atahamisha waya.

Betri ikitolewa umeme ukiwa umezimwa, saa hupotea. Programu isiendeshe pampu kwa saa ya uongo. Kwa maktaba ya RTClib iulize kwanza:

```
if (rtc.lostPower()) {
  zimaPampu();  // hadi saa iwekwe upya
}
```

Unapoiweka upya, angalia kompyuta yako ina saa ya hapa, UTC+2. Ikiwa na ya Kinshasa, kila kitu kitachelewa saa 1 nzima.

Betri ulizotoa zibandike utepe wa gundi pande zote mbili na uziweke mbali na watoto. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2: mpelekeni hospitali mara moja, na msimtapishe.

Msisubiri saa ikosee ndipo mfungue kisanduku. Betri inapovimba, saa huendelea kusoma sawasawa hadi umeme mkuu unapokatika. Anzeni na visanduku vilivyokwisha kufungwa majumbani, hata vile ambavyo hakuna aliyelalamikia.