TV ya Zamani na HDR? Bora Uizime Tu!

Kuna staa mmoja (jina kapuni) kaposti PS5 yake kwenye TV ya 4K ya kitambo, analia eti gemu limepauka kama limemwagiwa majivu. Watu wakamjibu anunue TV mpya. Mimi nakataa!

Wadau, TV nyingi za zamani zinakubali kupokea HDR, ila kioo hakina mwanga wa kutosha kuionyesha. Ndo maana picha inafifia. Na ile Adjust HDR haiongezi mwanga hata kidogo. Unaposogeza mpaka alama ikaribie kupotea, unaiambia tu PS5 mwanga wa TV yako unaishia wapi.

Mi nilifanya hivi: nikasimama sehemu yenye jua kali kwenye gemu, nikaenda Settings, Screen and Video, Video Output, HDR nikaweka Off, gemu nikalifunga na kulifungua upya. Rangi zikarudi palepale! Zikirudi kwako pia, iache hivyohivyo. Resolution weka Automatic, maana TV ya 1080p haigeuki 4K kwa kulazimishwa. Hela ya TV mpya nunulia gemu. Nani anabisha?