Si kila maumivu ya sindano ni jipu

Mtu aliyechomwa sindano takoni anarudi kituoni akilalamika maumivu na ganzi mguuni. Mara nyingi anaambiwa dawa imeganda, akakande kwa maji ya moto, itapita. Jibu hilo ni uzembe, na lazima likome.

Chukua fundi anayechomwa diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Sindano ikiwa bado mwilini anaruka: maumivu kama ya umeme yamemshuka kutoka takoni hadi vidoleni. Usiku juu ya wayo panakufa ganzi. Asubuhi kandambili inamvuka kila anapopiga hatua, kwa kuwa hawezi kuunyanyua wayo. Takoni hakuna uvimbe wala joto, na homa hana. Huyo hana jipu. Neva ya siatiki, ile kubwa inayopita takoni kwenda mguuni, imechomwa na sindano au imeunguzwa na dawa. Kumpa antibiotiki ni kumpotezea muda.

Jipu huja taratibu. Siku ya sindano mgonjwa hujiendea zake. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki, mahali pale pale panavimba, panakuwa pagumu na pa moto, homa inapanda, kisha katikati panalainika. Anachechemea kwa maumivu, lakini wayo anaunyanyua. Usaha ukishakusanyika hutolewa kwa kupasuliwa. Vidonge peke yake havitoshi. Jipu la ndani sana laweza kuikandamiza neva, kwa hiyo mwenye homa na ganzi kwa pamoja apigwe ultrasaundi bila kucheleweshwa.

Mara nyingi kutofautisha hakuhitaji mashine. Muulize mgonjwa maumivu yalianza lini. Mwambie atembee kwa visigino. Mguse juu ya wayo, karibu na kidole gumba, ulinganishe na mguu wa pili. Anayeshindwa kutembea hivyo au asiyehisi sawasawa apewe rufaa siku hiyo hiyo, wayo ufungwe gango usining'inie, aanze mazoezi ya viungo na apewe dawa ya maumivu ya neva, kama amitriptilini. Wengi hupata nafuu, wengine hubaki walemavu. Ikipita miezi mitatu bila dalili ya kupona, daktari wa upasuaji wa neva amwone.

Hukumu yetu ni hii. Dawa inayomezeka isichomwe kwa sababu tu mgonjwa anaamini sindano ina nguvu zaidi. Mtoto mdogo achomwe pajani, upande wa nje, si takoni. Mtu mzima akichomwa takoni, iwe robo ya juu ya nje, na akipiga kelele kwamba umeme umeshuka mguuni, mchomaji asimamishe dawa, achomoe sindano na aandike kilichotokea kwenye faili. Muuzaji wa duka la dawa asiyefundishwa kuchoma sindano asichome kabisa. Anayeendelea kuchoma awajibishwe, kwa sababu madhara yake yanaonekana katika mwendo wa mgonjwa.